Neno "Nimethibitisha"

Mwenzangu ndiye aliyetangulia kutetea tasnifu yake, nami nikabaki kwenye benchi la korido, katika idara yetu kule Njoro, nikisikia watahini wakicheka naye. Kwangu mimi watahini hawangecheka, nilijua. Tulisomea usalama wa mitandao pamoja, chini ya msimamizi mmoja, na kila alichogusa kilimkubali. Nilimwonea kijicho tangu muhula wa kwanza, na sikipaki sukari. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Nikangoja maji yake, wapi!

Alitoka na masahihisho madogo tu. Akaninong'oneza, "Dada, wakikugusa kwa limitations, mapungufu ya utafiti wako, usibishane. Sema tu huja-prove, umeonyesha dalili."

Nikasema asante. Moyoni nikaapa maneno yake hayatapita kinywani mwangu.

Mimi nilikuwa nimetuma jumbe bandia za ulaghai kwa wafanyakazi wa ushirika mmoja wa maziwa, nikawafunza, kisha nikatuma tena kuona nani bado ananaswa. Swali la maadili nililitarajia, na mtahini wa nje, mzee wa sweta ya kijivu, alianzia hapo.

"Hawa watu ulidanganya, walikubali saa ngapi?"

Nikamweleza kwamba kamati ya maadili ilipitisha zoezi, meneja akaruhusu, na wafanyakazi wakaambiwa ukweli wote lilipoisha, kila mmoja akiwa huru kuondoa taarifa zake. Sikuhifadhi nywila ya mtu, wala meneja hakupewa jina la aliyenaswa. Mzee akaitikia kwa kichwa. Mimi nikavimba, na kwa kuvimba huko nikajiharibia.

"Kwa hivyo nimethibitisha kwamba mafunzo yangu hupunguza kunaswa."

"Umethibitisha?" Kalamu yake ikasimama. "Kundi la kulinganisha liko wapi, wale hawakufunzwa? Pengine walionaswa kwanza walionya wenzao wakikunywa chai. Pengine ile message ya pili ilikuwa rahisi kujua."

Jibu nilikuwa nalo ulimini, ila lilikuwa la yule mwenzangu. Nikazunguka. Nikasifu mafunzo yangu, nikarudia takwimu zangu, nikaeleza yasiyoulizwa. Msimamizi wangu akaangalia meza.

"Madam, nauliza tena."

Nikaona shahada inaniponyoka hivi hivi, kwa ajili ya wivu.

"Hapana, Prof. Sijathibitisha. Nimeonyesha dalili tu."

"Sawa kabisa," akasema, akiandika. "Hata mwenzako hapo mbele alitujibu hivyo hivyo."

Nikapita, nami kwa masahihisho madogo: nilifute lile neno popote lilipo. Nilipofungua mlango, mwenzangu alikuwa bado pale kwenye benchi. Akanirukia shingoni, analia.

"Nilijua utatoboa! Nilijua!"

Alipofaulu yeye sikuwa nimempa hata mkono. Nikasimama pale, machozi yake yakilowesha kola yangu. Hata katika kunifurahia, alikuwa amenishinda.