Haidrojeni ya Tatu

Kiwandani walimwita Matone, kwa kuwa kutwa nzima alikuwa maabara akidondosha kostiki, dawa inayoua ukali wa asidi, kwenye vichupa, macho kayatoa kama paka anayevizia panya. Alikuwa binti mdogo, mpimaji mpya wa kiwanda cha soda, na kama wapya wote, alikuwa na hamu ya kuonekana. Kazi yenyewe aliipata kwa mdomo wa mjomba wake, mtunza stoo wa hapohapo. Mjomba huyu ndiye aliyemchukua baada ya mama yake kufariki, akamlea na kumsomesha mpaka stashahada. Alikuwa mzee mpole, na ufunguo wa stoo haukumtoka kiunoni.

Siku meneja alipotaka asidi zote za stoo zipimwe, Matone alianza na asidi ya fosforiki, inayoipa soda nyeusi ukali wake. Pipa lilikuwa limeshafunguliwa, na lebo ilisema asilimia themanini na tano. Akachota kidogo, akaizimua kwa maji, akatia dawa ya rangi, akadondosha kostiki mpaka ikageuka waridi, kisha akapiga hesabu. Hamsini na saba. Akarudia, ikatoka ileile.

Laiti angemwendea mjomba kwanza! Lakini haraka haraka haina baraka, na bibie alishafika kwa meneja akihema.

"Imetiwa maji?" meneja akauliza.

"Inaonekana hivyo."

Maneno mawili tu, na yakatosha. Ufunguo ulikuwa wa mtu mmoja. Asidi ile mafundi chuma huitafuta ya kuondolea kutu, basi kila mtu akajifanya anajua ilikokwenda. Mjomba hakugombana na mtu. Aliufungua ufunguo kiunoni, akauweka mezani, akatoka huku walinzi wakimpapasa mifuko, watu aliozoea kunywa nao chai. Matone aliyaona yote kupitia dirisha la maabara. Hakutoka.

Mwezi haujaisha, likaletwa pipa jipya. Matone mwenyewe akaivunja lakiri, akachota, akapima. Hamsini na saba. Na pipa hili mjomba hakuligusa hata kwa kidole.

Safari hii hakuitegemea rangi. Kila chembe ya asidi hii ina haidrojeni tatu, na kostiki huziondoa moja baada ya nyingine. Alitumbukiza mita ya pH, inayoonyesha ukali wa asidi kwa namba, akadondosha kostiki polepole. Namba ikapanda kidogo kidogo, halafu ikaruka ghafla ilipokaribia tano: haidrojeni ya kwanza imeng'oka yote. Akaendelea. Ikaruka tena ilipopita tisa: ya pili nayo imekwisha. Akangoja mruko wa tatu. Haukuja. Namba ilijikongoja tu kwenda juu, hata alipozidisha kostiki.

Hapo ndipo darasa lilipomrudia, limechelewa kama kawaida ya mambo ya maana. Haidrojeni hutoka ikiwa na chaji chanya, na kila moja inapotoka, kinachobaki huzidi kuwa hasi. Ya kwanza huondoka bila ubishi mwingi. Ya pili huvutwa na chaji hasi iliyoachwa na ya kwanza. Ya tatu huvutwa na hasi mbili, na hung'ang'ania kama kupe. Hata asidi inayotokana na gesi ya soda, yenye haidrojeni mbili tu, ina tabia hiyo: ya pili ni ngumu kuliko ya kwanza. Rangi ya waridi ilikuwa ikisema mbili zimetoka. Yeye, kwa kuwa asidi ina tatu, aligawanya kwa tatu.

Akagawanya kwa mbili. Themanini na tano. Akazitafuta namba za pipa la mjomba, nazo akazigawanya kwa mbili. Themanini na tano. Matone akakaa chini sakafuni akalia kwa sauti.

Meneja alimsikiliza akiwa anatazama simu. "Kukosea ni kwa binadamu," akasema. "Mwambie arudi Jumatatu."

Jioni hiyo alimkuta mjomba kibarazani kwake akishona kandambili iliyokatika.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba, mwanangu. Karibu."

Akamweleza yote, haidrojeni kwa haidrojeni, huku machozi yanamtoka. Mzee alisikiliza mpaka mwisho, sindano mkononi.

"Kwa hiyo ni hesabu."

"Ni hesabu, mjomba. Niliikosea mimi. Nisamehe."

"Hesabu hukosewa. Hilo halinisumbui." Akaichomeka sindano kwenye mpira. "Nakuuliza jambo moja tu. Ile namba ilipotoka, kabla hujamfikia meneja, uliamini kuwa nimeiba?"

Matone akafumbua mdomo. Hapana ni neno jepesi, na mzee alikuwa akilingoja kwa uso wake wote. Lakini uongo hakuuweza, akainamisha kichwa.

Mjomba akaichukua tena kandambili yake.

"Jumatatu nitakuja kazini," akasema. "Hapa nyumbani, usije kwanza."