Viatu vya Saa Sita

Mama Pacha alikuwa amechoka, na si uchovu wa kazi, kwa maana kazi yenyewe hakuwa nayo. Kutafuta kazi kunachosha kuliko kufanya kazi, na anayebisha ajaribu. Tangu hoteli aliyokuwa akifulia na kupigia pasi mashuka ilipofungwa, kila wiki alikwenda kwenye ofisi ya ajira, akakaa kwenye benchi la mbao, akasubiri kuitwa na mama mmoja ambaye watu wote walimwita Miwani. Miwani yake ilining'inia shingoni, na alipoivaa ujue umemkera.

Siku hiyo aliivaa kabla Mama Pacha hajakaa.

"Bibie, hii ya tatu sasa. Unachagua kazi kama unachagua kitambaa cha harusi?"

"Sichagui, dada. Nahesabu saa."

Na kweli alikuwa akihesabu. Kazi ya kwanza, kwenye duka kubwa, ilikuwa na mshahara mzuri, ila ratiba ya zamu ilibandikwa jioni ya kuamkia siku yenyewe. Leo asubuhi, kesho usiku, keshokutwa ukae tu usubiri simu. Mwenye watoto wadogo atampanga nani akae nao kwa ratiba ya namna hiyo? Ya pili ilikuwa kwenye hoteli nyingine. Meneja alitabasamu mpaka gego likaonekana, akasema, "Hapa sisi ni familia moja." Mama Pacha akauliza likizo inatoka lini. Akaambiwa mwezi wowote, isipokuwa ile miezi wageni wanapojaa. Na wageni hujaa lini? Shule zinapofungwa! Familia gani hiyo, jamani, inayokunyima siku zilezile watoto wako wapo nyumbani?

Hizo mbili Miwani alizielewa. Hata yeye aliguna. Ila ya tatu ilimshinda.

"Hospitali," alisema, akigonga meza kwa kidole. "Chumba cha kufulia. Kazi yako ya siku zote. Unaingia saa kumi na mbili asubuhi, unatoka saa saba mchana. Ratiba haibadiliki, zamu ya usiku huna, mtoto akiumwa unapewa ruhusa. Watu wanalia kuipata hii. Kwa nini umekataa?"

"Saa sita lazima niwe kwenye geti la shule."

"Kufanya nini?"

Mama Pacha alieleza, macho sakafuni. Shule ya pacha wake ilikuwa na wanafunzi wengi na madarasa machache, kwa hiyo ilifundisha kwa awamu mbili: wengine asubuhi mpaka saa sita, wengine kuanzia hapo mpaka jioni. Mkubwa alisoma asubuhi. Mdogo, aliyemfuata kwa dakika chache tu, alisoma mchana.

"Wamewatenganisha pacha?" Miwani alishangaa. "Nenda kwa mwalimu mkuu, mwambie awaweke pamoja asubuhi. Si jambo la kukukosesha kazi hilo."

"Mwenyewe ndiye niliyeomba watenganishwe."

"Ulikuwa na akili zako?"

"Viatu, dada," alisema Mama Pacha. "Bila viatu vyeusi mtoto haruhusiwi kupita getini. Hoteli ilifungwa shule zinafunguliwa, nikapata jozi moja tu. Saa sita mmoja akitoka namvua, namvisha mwenzake. Mkubwa narudi naye akiwa na kandambili."

Miwani aliivua miwani. Kisha akakasirika, maana wengine huruma yao hutokea kwa mlango huo. "Muhula mzima unakataa kazi kwa sababu ya viatu, na viatu huna kwa sababu huna kazi! Huna ndugu?"

Ndugu alikuwepo, na ndiye aliyekuwa akimtisha. Wifi yake, dada wa marehemu mumewe, fundi cherehani mwenye chumba kikubwa na mdomo mkubwa zaidi, alikuwa ameshatoa neno: kama kazi haijapatikana, Jumamosi anakuja kuwachukua pacha akakae nao. Angemwombaje viatu? Angekuwa amejichongea mwenyewe.

"Basi sikiliza," Miwani alisema. "Nafasi nakushikia mpaka Jumatatu. Lakini tusidanganyane. Wote wakisoma asubuhi, saa kumi na mbili wewe uko kazini, geti la shule bado limefungwa. Nani atawapeleka? Pili, miezi mitatu ya kwanza ni ya majaribio, likizo hupati. Shule zitafungwa humo humo. Nani atakaa nao? Ukipata majibu, njoo."

Jumamosi wifi akaja. Alikuja na begi kubwa la safari, akalitua katikati ya chumba, akaanza kuuliza nguo za watoto ziko wapi kabla hata ya kuamkiana vizuri.

"Wifi, kaa kwanza."

"Sikuja kukaa. Kaka yangu hakuacha watoto wahangaike."

"Kazi ipo. Ya hospitali."

"Sasa hukuianza kwa nini?"

Mama Pacha alikuwa amepanga maneno tangu alfajiri, na yote yakamtoroka. Alisogea uvunguni, akatoa ile jozi ya viatu, akaiweka mezani. Soli zilikuwa zimeliwa upande. Akaeleza: geti, saa sita, kandambili. Alieleza kwa haraka, kama mtu anayemeza dawa chungu.

Wifi alikichukua kiatu kimoja, akakigeuza.

"Mtoto wa kaka yangu anavuliwa viatu barabarani?"

"Anamvulia ndugu yake."

"Na mimi niko hapo nyuma tu ya soko, sijui. Kwa nini hukuniambia?"

"Ningekuambia, ungewachukua."

Wifi alifungua mdomo akitaka kukana, akaufunga. Lo, siku hiyo ukweli ulimpata mtu asiyeuzoea. "Ningewachukua," alisema. "Siku hiyohiyo."

Nje pacha walikuwa wakigombania mpira wa matambara.

"Sitaki uwachukue," Mama Pacha alisema. "Nataka uwapeleke. Cherehani unaifungua saa tatu. Saa kumi na moja na nusu uwe hapa, uwapeleke shule. Wakipata viatu wote watasoma asubuhi. Saa sita wakitoka, mama mlinzi wa shule atakaa nao ndani ya geti, saa saba nawachukua mimi. Nimeshazungumza naye."

"Mimi niamke saa kumi na moja? Mimi?"

"Na shule zikifungwa, likizo sitakuwa nayo. Watakaa kwako mpaka zifunguliwe." Hili la mwisho lilimuuma kulitamka, na halikujificha usoni. "Siku hizo ni zako, wifi. Zilizobaki ni zangu."

Wifi alilitazama begi, akamtazama mke wa kaka yake: mikono iliyoungua na pasi, mabega yaliyoinama. Akaitikia kwa kichwa.

"Viatu nanunua leo. Usiniambie asante, nitakutukana."

"Sisemi."

Alitoka na pacha kwenda dukani, mmoja kila mkono. Begi aliliacha, tupu, pale pale sakafuni. Mama Pacha alilisukuma ukutani kwa mguu, akajilaza kitandani mchana kweupe, jambo ambalo hakuwahi kulifanya tangu azikwe mumewe. Alitaka kulia, lakini hata kulia kunahitaji nguvu. Pacha waliporudi wakikanyaga kwa kishindo ili viatu visikike, walimkuta amelala fofofo, na wifi akawaambia wavivue mlangoni, wote wawili, wasimwamshe mama yao.