Siku Nilipoambiwa Sifai Kuuguza

Kwa mujibu wa karatasi mbili nilizojaza Kasulu asubuhi moja, mimi ni mtu wa kushuku watu na sipendi wagonjwa. Nimezeeka sasa, mambo mengi nimeyasamehe, lakini karatasi zile sijazisamehe, na sina mpango.

Ilikuwa katikati ya miaka ya sabini. Chuo kilikuwa cha misheni, nyuma ya hospitali: madarasa machache ya bati na bweni la wasichana. Walituchukua tuliomaliza darasa la saba ili tufundishwe uuguzi msaidizi, na miezi ya mwanzo ilikuwa ya majaribio. Unasoma, unafanya kazi wodini, wanakutazama, halafu wanaamua kama utabaki.

Mimi nilitokea Mabamba kwa shangazi, ingawa Mabamba si kwetu. Kwetu ni ng'ambo, Burundi. Nilivuka mpaka mwaka wa sabini na mbili, ule wa mauaji, baada ya askari kumchukua baba pamoja na kaka zangu wawili na kuja tena usiku uliofuata kututafuta tuliobaki. Shangazi, aliyekuwa ameolewa upande huu, akanipokea. Mume wake alinivumilia. Wakimbizi wenzangu walikuwa wakipakiwa kwenye malori kupelekwa makazi mapya porini huko Tabora, naye alikwisha kunieleza bila kuzunguka kwamba nikifukuzwa chuoni nisirudi kwake, nipande lori. Tabora sikuwa na mtu hata mmoja.

Lakini nisijifanye kwamba nilitaka chuo kwa sababu ya hofu ya lori tu. Kazi nilikuwa naipenda. Tangu nivuke mpaka nilikuwa nikitetemeka mikono bila sababu, na wodini ilikuwa inatulia. Nilijifunza upesi kumgeuza mgonjwa asiyejiweza ili asipate vidonda vya mgongoni, kufunga vidonda, kupima joto na kuliandika. Wazee wa Kiha walipoona naelewa wanachosema, maana Kirundi na Kiha ni ndugu, walikuwa wananiita mimi. Mwalimu wetu wa uuguzi, Muha wa huku huku aliyekuwa mganga msaidizi kabla ya kuanza kufundisha, hakuwa mtu wa kusifu. Siku moja alitazama kidonda nilichokifunga, akasema, "Hiki kiache hivyo hivyo," akaenda zake. Nilitembea na maneno hayo wiki nzima.

Basi Sista Mkuu akarudi kutoka likizo ya Ulaya na boksi la vipimo. Alikuwa mtu mwema, hilo siwezi kumnyima, na ubaya wa mtu mwema ni kwamba akikosea huna hata pa kumlalamikia. Akatueleza kwamba kwao wanafunzi hupimwa tabia na mapenzi ya kazi kabla ya kuchaguliwa, ili mtu asipoteze miaka kwenye kazi isiyo yake. Padri mmoja alikuwa amemtafsiria maswali kwa Kiswahili kilichonyooka kuliko chetu sote. "Hakuna jibu zuri wala baya," akasema. "Andikeni ukweli."

Mimi nikaandika ukweli. Mjinga mimi.

Karatasi ya kwanza ilikuwa ya tabia, sentensi nyingi za kujibu ndiyo au hapana. Kuna watu waliotaka kuniua. Ndiyo. Mara nyingi naota ndoto za kutisha. Ndiyo. Nikisikia mtu anakuja nyuma yangu nashtuka. Ndiyo. Ni afadhali mtu asiwaamini watu asiowajua. Ndiyo, tena nilikoleza wino. Nitasema jambo ambalo sijawahi kumwambia mtu: nilijisikia vizuri. Tangu nifike nchi hii hakuna aliyewahi kuniuliza maswali hayo. Shangazi alikuwa anaogopa kuuliza, mume wake hakutaka kujua, na hapa kumbe karatasi inauliza yote, moja baada ya jingine, kwa utaratibu. Nilijibu kama mtu aliyepata wa kumsikiliza.

Karatasi ya pili ilikuwa ya mapenzi ya kazi. Kazi zimepangwa tatu tatu: kumlisha mgonjwa, kushona nguo, kupanga vitu stoo. Weka alama kwenye unayoipenda zaidi, na alama nyingine kwenye unayoipenda kidogo kuliko zote. Sasa huku kwetu, ng'ambo na hata huku Buha, mtu hasemi anapenda kukaa na wagonjwa. Mgonjwa unamhudumia kwa sababu anaumwa. Ukisema unapenda, watu watakuuliza unawatakia nini. Msichana wa Gwarama niliyekaa naye akaninong'oneza, "Dada, hili nalo swali gani?" akachagua kushona. Nami nikachagua kushona. Karibu darasa zima tulishona asubuhi ile. Binti wa mwenye duka pale mjini, ambaye jamaa zake walitoka pwani, ndiye pekee aliyechagua wagonjwa kila mahali, na huyo alikuwa hawezi kuona sindano bila kuishiwa nguvu.

Baada ya siku chache nikaitwa ofisini. Sista Mkuu alikuwa na Mwalimu. Mezani kulikuwa na kadi yenye matundu, ile anayoilaza juu ya majibu yako na kuhesabu alama zinazoonekana, na karatasi yenye mistari ambayo juu yake alama zangu zilikuwa zimechorwa. Mstari mmoja wa katikati ulikuwa kawaida ya watu. Wa kwangu, pale penye kushuku na hofu, ulikuwa umepanda mpaka karibu utoke kwenye karatasi. Kwenye mapenzi ya kazi, kuhudumia watu kulikuwa chini kabisa.

"Mwanangu, si kosa lako," Sista akasema. "Ndivyo ulivyo. Wenzako wengine nao hawapendi sana wagonjwa, lakini tabia yao imetulia, watajifunza. Wewe yote mawili yanakataa. Tabora kuna masista wanafundisha kushona. Na utakuwa na watu wako."

Nilimtazama mdomo tu. Watu wangu.

Mwalimu akaomba kusema. Aliwahi kusoma Dar es Salaam jinsi ya kuwashauri wanafunzi kuhusu kazi, na vipimo vya namna ile alikuwa anavijua.

"Sista, mstari huu wa katikati ni kawaida ya nani?"

"Ya watu wazima waliopimwa kwetu."

"Kwenu watu wangapi wamekimbia kuuawa? Hapa inaonyesha anashtuka na haamini watu. Sawa. Hilo ni swali la kumuuliza, kwa nini? Karatasi haiwezi kumuuliza. Sisi tunaweza." Akasogeza karatasi ya pili. "Na kipimo hiki hakimlinganishi mtu na wenzake, kinapanga tu anavyovipenda yeye mwenyewe. Kati ya vitatu lazima kimoja kiwe cha mwisho hata kama vyote anavipenda. Hakisemi kama anaweza kazi au hawezi. Karibu darasa zima limesema halipendi wagonjwa, Sista. Tuwafukuze wote, au tujiulize kuhusu swali lenyewe?"

"Kipimo kimetungwa na wataalamu," Sista akajibu.

"Sikatai. Basi tuwape wauguzi wetu bora pale wodini wakijaze, tuone wao wanatoka vipi."

"Wao wameshaajiriwa. Wana kazi."

Mwalimu hakupandisha sauti. Alisema kipimo kitumike kama taa ya kutazamia, halafu mtu akatazame mwenyewe wodini, aulize waliofanya naye kazi, azungumze na msichana, ndipo aamue. Akasema majibu ya siku moja hubadilika hata kwa watu wa kwao Sista. Hapo Sista akaona pa kushikia. Kama yanabadilika, basi nipimwe tena wiki ijayo; yakitoka yale yale, nitakwenda Tabora na neno lisizidi hapo.

Nje, Mwalimu akaniambia, "Binti, jibu ukweli ule ule. Yakitoka yale yale nitakuwa na la kumweleza, nitamsomea swali moja moja na wewe utaeleza. Usiogope mstari."

"Ego, Mwalimu," nikamwitikia ndiyo kwa Kiha.

Alikuwa anasema sawa, na kwa akili yangu nilijua anasema sawa. Lakini yeye alikuwa na nyumba Kasulu. Angeshindwa ubishi ule angekwenda kula chakula cha mchana. Mimi ningepanda lori. Halafu Sista asomewe swali moja moja, mimi nieleze nini? Nimweleze jinsi kaka yangu mdogo alivyofungwa mikono, ili atie alama ya kwamba maelezo yameridhisha? Nilikasirika wiki nzima, na nilimkasirikia hata Mwalimu, ambaye hakuwa amenikosea chochote.

Mara ya pili nilijaza peke yangu ofisini, Sista akifuma pembeni. Kuna watu waliotaka kuniua. Hapana. Mara nyingi naota ndoto za kutisha. Hapana. Watu wengi ni wa kuaminiwa. Ndiyo. Palikuwa na maswali ya kuwanasa waongo, kama lile la sijawahi kukasirika maishani, maana anayejibu hajawahi anaonekana anajipamba. Hayo nayo niliyajua kwa kuyaona mara ya kwanza, kwa hiyo nikajitia dhambi ndogo ndogo: nimewahi kukasirika, nimewahi kusema uongo, nimewahi kuchelewa. Kwenye kazi niliwapenda wagonjwa kuliko nguo, kuliko stoo, kuliko kila kitu duniani. Nilijiona mchawi lakini nikaendelea.

Tuliitwa tena, mimi na Mwalimu. Sista alikuwa ameshalaza kadi yake, ameshahesabu, na uso wake ulikuwa unang'aa kwa furaha ya kweli. Mstari wangu ulikuwa umeshuka ukalingana na ule wa watu wa kwao. Kuhudumia watu kulikuwa juu kabisa.

"Unaona, Mwalimu? Chuo chetu kimembadilisha. Na kipimo kimeonyesha."

Mwalimu alichukua karatasi akaisoma taratibu, jibu kwa jibu, kisha akaniangalia. Hakuwa na hasira. Alikuwa na huzuni ya mtu aliyeona hoja yake imepotea. Angeweza kusema neno moja nikaondoka siku ile ile. Akairudisha karatasi mezani, na tangu siku hiyo chuo kile kilichagua wasichana kwa kadi ile yenye matundu, na alipobisha aliambiwa akumbuke habari yangu.

Sista akachukua kalamu atie sahihi nibaki. Akasita kidogo, akatabasamu, akaweka kidole kwenye sentensi ile.

"Nimefurahi kuliko yote kwa hili hapa," akasema, kwa upole kama anavyosemeshwa mtoto aliyeamka analia. "Kwa hiyo sasa unajua kwamba hakukuwa na mtu aliyetaka kukuua?"

Mwalimu akageukia dirishani.

"Hakukuwa na mtu, Sista," nikasema.

Akatia sahihi.