Ubuyu Uliochemshwa

"Hivi wifi yako leo kala pilipili gani?"

Jirani aliniuliza hivyo akianika nguo, baada ya kumwona wifi yangu akipita mbele yake bila hata salamu, mwendo wa mtu anayekwenda kugombana. Nikamjibu kuwa hajala kitu tangu alfajiri. Alikuwa ametoka kumwona kaka yake.

Wifi yangu huyu, mke wa kaka yangu, ndiye tunayemwita Mama Chekeche. Ana miaka ishirini na kitu akitengeneza unga wa ubuyu. Anapasua matunda, anachambua nyuzi, kisha anatwanga kwa mchi mwepesi. Hapondi. Anagonga tu, unga ubanduke kwenye mbegu na mbegu yenyewe ibaki nzima. Anachekecha mara mbili. Ukimkuta kazini huwezi kumjua, kope nyeupe kama za bibi kizee. Watoto wanamcheka, naye anawacheka. Mtu mpole. Miaka yote hiyo sikuwahi kumsikia akiinua sauti, hata kwa mbuzi.

Kaka yake mkubwa alikuwa fundi viatu. Miguu ilipomkataa akapelekwa kwenye nyumba ya kutunzia wazee, ile yenye geti la kijani. Huko chakula kilikuwa chai, uji, wali, basi. Tunda walilisikia kwa jina. Siku moja muuguzi wa pale akamfunua mdomo yule mzee, akakuta fizi zimevimba na zinatoka damu, na miguuni ana madoa ya damu iliyovilia. Akasema, "Huyu amekosa vitamini C. Vidonge vyetu vimekwisha, mgao mpaka mwezi ujao. Mpatieni machungwa, au huo ubuyu wenu, kila siku."

Wifi alifurahi mno. Kitu anachokitwanga kila siku ndicho kitakachomponya kaka yake! Akapeleka mitungi sita ya unga, si kwa kaka yake tu, kwa wazee wote kumi na wawili. Akamwambia mpishi, "Vijiko viwili vya kulia kwa kila mtu, kila siku." Akarudi nyumbani anaimba.

Wiki tatu zikapita. Asubuhi ile ya pilipili alimkuta kaka yake ameketi kitandani, jino liko kiganjani.

"Limetoka lenyewe," mzee akasema. "Nilikuwa natafuna mkate. Mkate, dada yangu, si mfupa."

"Ubuyu unakunywa?"

"Kila siku. Wa moto, mtamu. Sijaacha hata tone."

"Wa moto?"

Ndipo alipotoka mbio, akaja kunichukua. Alisema, "Twende. Nikienda peke yangu nitamkosea Mungu." Nikajifunga kanga nikamfuata, nikiomba kimoyomoyo.

Jikoni tulikuta sufuria kubwa inatokota, povu la rangi ya maziwa linapanda na kushuka. Mpishi, mwanamke mnene mwenye utani mwingi, alikuwa amekalia ndoo anamenya viazi.

"Karibuni, mabibi harusi! Mmekuja kuonja?"

"Hiyo umeiweka motoni saa ngapi?" wifi akauliza.

"Tangu saa kumi na mbili. Wanakunywa saa saba, baada ya wali. Inaiva vizuri, na sukari inakolea."

"Inaiva? Ubuyu ni maharage?"

"Ee, taratibu mama, utapasua masufuria yangu."

"Kaka yangu anang'oka meno, wewe unaniambia taratibu! Vitamini C haivumilii moto. Unaitokosa asubuhi nzima! Unawapa wazee maji ya sukari yenye jina la ubuyu!"

Mpishi akasimama. Utani ulimtoka usoni. Akaonyesha ukutani kwa kisu, pale palipobandikwa karatasi: KILA KINYWAJI KICHEMSHWE. "Soma. Mwaka jana wazee waliharisha, wawili tukawazika. Msimamizi akaweka amri hiyo. Nisipochemsha, na mtu akaharisha, atakayefukuzwa ni wewe au mimi?"

Hapo hata mimi nilimwelewa. Wifi naye akaisoma ile karatasi, lakini hasira ilikuwa bado inamtoka puani.

"Chemsha maji," akasema. "Maji peke yake. Yatokote, uyafunike, yapoe kabisa. Halafu ndipo ukoroge unga."

"Nani aliniambia hivyo? Wewe uliniambia vijiko viwili, ukaondoka unaimba!"

Kweli tupu. Wifi akageuka kutafuta unga wenyewe, na huko ndiko alikopata pigo la pili. Mitungi yake sita ilikuwa imepangwa dirishani, ya plastiki inayoonyesha ndani, jua linaipiga moja kwa moja, na mvuke wa sufuria unaifikia. Mmoja ulikuwa wazi, kijiko kimesimama ndani. Akakivuta. Kimelowa. Unga umeshikana mabonge, nao haukuwa tena mweupe wa maziwa, umegeuka kama chai. Akanusa bonge moja, akaliweka chini.

"Nani alinituma kuweka kwenye mitungi hii?" akasema, na safari hii alikuwa anajigombeza mwenyewe. "Nyumbani naweka kwenye makopo ya bati, kavu, kifuniko kimekaza, kabatini gizani. Huku nikataka iwapendeze wageni. Mjinga mimi! Mjinga!"

Akaupiga mtungi kofi ukaanguka. Mpishi akauokota.

Kuanzia siku ile Mama Chekeche alikuwa anapeleka ubuyu wa kaka yake mwenyewe. Unga mpya, ndani ya kopo la bati, na chupa ya maji yaliyochemka yakapoa. Pale pale kitandani anaweka vijiko viwili vya unga kwenye kikombe, kwa kijiko kikavu, anamimina maji kidogo, anasugua mpaka uwe kama uji mzito usio na mabonge, ndipo anaongeza maji. Mzee anakunywa wakati huohuo. Siku ya kwanza alikunja uso. "Huu mchachu!" Wifi akamjibu, "Uchachu huo si adhabu. Kunywa."

Siku ya tano damu ikapungua. Wiki ya pili fizi zikawa zimenywea, zimerudi rangi yake, na mzee akatafuna mhogo huku ametukodolea macho kwa majivuno.

Lakini jikoni sufuria iliendelea kutokota, maana karatasi ilikuwa bado ukutani. Mpishi alisema hawezi kuvunja amri kwa maneno ya mtu wa nje, wala simlaumu.

Basi msimamizi akatuita ofisini. Mama mmoja nadhifu, kalamu tatu mfukoni. Akatabasamu.

"Nimesikia mzee wetu amepona. Tunashukuru sana. Mama, uendelee tu kumletea wako, nitakupa ruhusa maalumu. Yale ya jikoni tuyaache, tusikuze maneno. Au kuna kingine unataka?"

Nilimwona wifi akishika ukingo wa meza. Nilidhani atapiga kelele tena, nikaanza kumwomba Mungu. Hakupiga. Sauti ilitoka chini.

"Wazee humu ni kumi na wawili, na muuguzi amemfunua mdomo mmoja tu. Naomba uwafunue midomo wale kumi na mmoja, leo, mimi nikiwa hapa."