Siku Mbuzi Wangu Alipojulikana kwa Kisigino

Aibu hii nilijitafutia mwenyewe, sina wa kumlaumu. Ilikuwa miaka ile ya vita vya shifta, wale waasi wa kaskazini mwa Kenya, tukiishi Isiolo, mume wangu karani, na Kendi wetu anatimiza miaka mitano, na kwa sababu ya kafyu, amri ya kutotoka nje usiku, sherehe ilibidi iwe saa tisa mchana. Keki ilikuwa ndogo mno (unga ulikuwa shida), basi nikasema tutawachezea watoto mchezo wa soksi, zile za kuvaa mkononi zikawa wanyama wanaosema, kama nilivyofunzwa shuleni.

Baba Kendi alitoa soksi yake nyeusi tukatengeneza fisi. Mimi nilitaka mbuzi, tena kwa soksi ndefu ya kufika kiwikoni ili mkono usionekane, na soksi ya namna hiyo niliiona kwenye kamba ya jirani yetu, Sajini Mutua. Nikaichukua bila kuomba, nikijiambia nitairudisha kabla hajajua.

Nilikunja kipande cha katoni katikati, nikakisukuma ndani hadi penye vidole kiwe mdomo, nikashona vifungo viwili juu yake kuwa macho, na masikio ya kitambaa. Vidole vinne vinakaa juu ya katoni, gumba chini, na siri ni kushusha gumba kwa kila silabi, maana ukiinua vidole mbuzi anatazama dari badala ya kutazama watoto.

Tukafunga blanketi kwa kamba mlangoni, tukapiga magoti nyuma yake, mikono juu. Fisi akaomba maji, mbuzi akakataa, watoto wakacheka hadi nikasahau mkono ulivyokuwa ukiuma, nikazidi kumwinua mbuzi, na ndipo Mwende, binti wa sajini, aliyekaa na baba yake kati ya wageni, akasema kwa sauti tulivu kabisa, “Baba, hiyo ni soksi yako. Ona kisigino mama alichoshona kwa uzi mwekundu.”

Nilishtuka nikasimama, kichwa kikanasa kwenye blanketi, kamba ikakatika, na nikabaki mbele ya wageni wote nimevaa mbuzi mkononi, naye bado amefungua mdomo.

“Mama Kendi,” sajini akasema, “Jumatatu nilienda gwaride na soksi mbili tofauti. Nimepewa zamu ya ziada wiki nzima.”

“Nisamehe, Baba Mwende. Niliiba.”

Mtoto mmoja akauliza kama fisi alipata maji. Sajini akaokota upande mmoja wa blanketi, akaushika juu mwenyewe, akamwambia Baba Kendi ashike mwingine kwa mkono usio na fisi. “Maliza,” akaniambia, “watoto wanangoja.”

Nikamaliza, na mbuzi akagawa maji. Kesho yake nilimpelekea sajini soksi mpya, jozi nzima. Tangu hapo kitu cha jirani nakiomba, hata kikiwa kijiti cha kiberiti, na Kendi akitaka mchezo wa soksi natumia za baba yake, ambaye haendi gwaride.