Barua Pepe Niliyowaandikia Wanafunzi

Jenereta ilikohoa nyuma ya ukuta, kisha kompyuta zikawaka. Nilikuwa mwalimu mpya hapa Kasongo, na siku chache kabla niliwatumia wanafunzi barua pepe niliyojivunia: "Tunatumia akaunti moja. Picha ya nyuma ya skrini mnaweza kubadilisha, mkimaliza rudisheni ya shule. Kibodi iacheni kwenye Kifaransa, la sivyo herufi hazitafanana na vitufe."

Msichana mmoja wa kundi la mwisho kupata zamu ya kompyuta alibonyeza A, ikatokea Q. Alikuwa ameiweka kibodi kwenye Kiingereza.

"Umeloga mashini!" jirani yake akacheka.

"Hukusoma barua yangu?" nikamuuliza.

"Barua gani, Mwalimu? Simu sina. Leo ndiyo mara ya kwanza nakaa hapa."

"Toka inje. Zamu yako imekwisha."

Alikusanya daftari zake polepole. Zamu hiyo aliingojea tangu shule zifunguliwe. Hapo ndipo nilipoelewa: asiye na simu angeisoma barua yangu kwenye kompyuta hizi tu, na kundi lake lilikuwa halijazigusa. Kurudisha Kifaransa kulinichukua muda mfupi kuliko kumkaripia. Nilitaka kumwita, lakini darasa zima lilinitazama, nikajifanya nakagua vitufe. Akatoka, akaufunga mlango taratibu, kwa adabu.