Fungu Moja la Rozari, Kisha Uache

Gaudensi hakuwa mvivu. Nasema hivyo kwanza kwa sababu siku hizi vijana wanaofungua redio mchana kutwa humwita mvivu mtu yeyote aliyechelewa. Alisuka vikapu, alitengeneza baiskeli za watu bila kudai shukrani, na mpini wa jembe alioutia yeye haukuchomoka. Shida yake ilikuwa kuanza kazi anayoiogopa. Na kazi aliyoiogopa kuliko zote ilikuwa kutifua ntumba.

Mliozaliwa baada ya matrekta hamjui ntumba. Ni tuta la duara, linafika magotini au kupita. Mvua zikikaribia mwisho, udongo ungali laini na majani marefu, mtu anakata ardhi kwa jembe pamoja na majani yake, anaigeuza, anaizungusha, majani yakibaki ndani. Kiangazi chote yanaoza humo. Mvua mpya ikija tuta linatawanywa, ulezi unapandwa juu ya mbolea ambayo hakuna aliyeinunua. Ukichelewa, ardhi inakauka na jembe linarudi mkononi kama umegonga mwamba. Wafipa waliishi kwa kazi hiyo kabla ya mifuko ya mbolea ya chumvichumvi tunayoipangia foleni leo.

Mwaka ule tulikuwa tumehamishiwa kijiji kipya, upande wa kwenda Chala, nyumba zimepangwa kwenye mstari. Kila kaya ilipewa shamba lenye majani yasiyowahi kuguswa. Halmashauri ya kijiji ikatangaza kwamba itakapopita kukagua mwisho wa mvua, shamba litakaloonekana halijalimwa litapewa mtu mwingine. Gaudensi shamba lake la zamani lilibaki kule tulikotoka, na hakuna aliyeruhusiwa kurudi. Hilo jipya ndilo pekee alilokuwa nalo.

Nilikuwa jirani yake, ukuta kwa ukuta. Asubuhi nilimsikia akinoa jembe. Alilinoa mpaka nikahofia litaisha. Kisha anatoka, anatazama mawingu, anarudi, anafungua baiskeli ya mtu. Mchana anatembea mpaka shambani, anasimama ukingoni, mikono nyuma kama mtu aliyekuja kupima mpaka, halafu anarudi njia ile ile akitembea haraka. Jioni anaacha ugali sahanini. Watu walidhani anastarehe. Mimi niliuona uso wake.

"Kesho," alimwambia mkewe.

"Kesho ipi, baba Silvana?" Bertilla alijibu. "Uliyoitaja jana imeshapita hapa, haikukukuta."

Bertilla alishona kwa masista wa misheni kabla hajaolewa. Sista Cornelia, Mfipa mwenzetu, ndiye aliyekuwa akiwasimamia wasichana, na kulikuwa na nguo moja ya altare yenye pindo ambalo hakuna aliyetaka kuligusa. Sista hakuwagombeza. Aliwaambia, "Shika, usimalize." Msichana akishona dakika tano, Sista anamwambia weka chini, na kweli anaweka. Bertilla alisema pindo lile liliisha bila mtu kukumbuka siku liliyoishia.

Basi asubuhi moja yenye ukungu alimfuata mumewe hadi ukingoni mwa shamba. Saa hawakuwa nayo. Akatoa rozari.

"Nitasali fungu moja," akasema. "Baba Yetu, Salamu Maria kumi, Atukuzwe. Si zaidi ya dakika tano. Nikimaliza, unaacha."

"Fungu moja litatengeneza nini hapa? Tazama majani hayo."

"Usiyatazame. Lipe jembe tope tu."

Akalima. Bertilla akamaliza, akasema, "Acha." Gaudensi akamkodolea macho, jembe bado liko juu. Kulikuwa na nusu ya ntumba moja, mbaya, imeinama. "Acha, nimekwambia. Twende tukanywe uji." Wakaenda.

Kesho yake alisimama tena pale pale ukingoni, na mkewe akawa na neno jingine: "Moja mbaya." Maana yake hakutakiwa kutengeneza tuta zuri, lile baya lilitosha. Siku nyingine: "Mguu wa kwanza ndio wako, mingine si yako." Maneno mafupi kama hayo, aliyatunga njiani akiwa amebeba maji. Mara nyingi fungu likiisha Gaudensi aliomba jingine mwenyewe. Mara nyingine aliweka jembe chini akaondoka, na Bertilla hakunung'unika hata kidogo. Ntumba zilianza kupanga safu.

Hapo ndipo balozi wetu wa nyumba kumi aliposikia. Andwele alikuwa mtu wa Mbeya, Mmoraviani, aliyekuja na kazi ya barabara akaoa huku akabaki. Mtu mwema, ila alikuwa na saa ya mkononi na aliipenda. Akafika shambani Bertilla akiwa kisimani.

"Bwana Gaudensi, nasikia unataka dakika tano. Saa ninayo. Anza."

Gaudensi akaanza. Dakika tano zikapita, mimi nikiwa shamba la pili nikasikia Andwele akisema, "Unaona? Unaweza. Ongeza kidogo." Akaongeza. "Usiache sasa, umeshapata moto." Jua lilifika utosini, saa ile ikiwa imeingizwa ndani ya mkono wa shati.

Andwele aliondoka akifurahi. Kwa hesabu yake alikuwa amemsaidia.

Asubuhi iliyofuata jembe halikunolewa. Bertilla alisimama mlangoni na rozari yake. "Shika, usimalize."

"Uongo," Gaudensi akasema akiwa kitandani. "Ni mtego. Ukishika wanakufungia mlango."

Hakutoka siku hiyo, wala iliyofuata. Mvua ikawa ya vipande, kisha ikakoma. Nilisikia Bertilla akitembea chumbani huku na huku. Hatimaye akavuka kwa balozi, akamwamkia vizuri, halafu akasema, "Umenivunjia chombo, balozi. Zile dakika tano hazikuwa za kumwanzisha tu. Zilikuwa za kumruhusu aache."

"Lakini alilima sana, mama Silvana."

"Siku moja tu. Nionyeshe ya pili."

Akarudi kwa mumewe na hakumtaka alime. Alimtaka abebe jembe mpaka shambani, aliguse ardhini, warudi. Wakaenda, akagusa, wakarudi. Watu walicheka. Kesho yake, tuta moja baya. Alikuwa amerudi mwanzo kabisa, na ardhi ilikuwa inakaza.

Siku halmashauri ilipopita, kona moja ya shamba ilikuwa bado majani matupu. Mwenyekiti akauliza kama hili nalo linahesabiwa limelimwa. Andwele akatazama saa yake. Gaudensi akachukua jembe, akaingia kwenye ile kona mbele ya watu wote. Bertilla akaanza kusali kwa sauti ya chini. Jembe liligonga kama chuma kwa chuma. Fungu lilipoisha akasema, "Acha."

Gaudensi akaacha. Akaweka jembe chini mbele ya mwenyekiti, akafuta jasho, akanywa maji kibuyuni. Mjumbe mmoja akacheka: "Ndiyo basi?"

"Ndiyo basi," Gaudensi akasema. Akakaa kidogo. Kisha akamgeukia mkewe. "Mama Silvana, jingine."

Mwenyekiti alianza kusema kitu. Andwele akamzuia kwa mkono, akavua saa yake, akaitia mfukoni. "Tutangulie mashamba mengine, mwenyekiti. Tutapitia hapa tukirudi."

Walipitia jua likielekea kuzama. Kona ilikuwa na ntumba zilizoinama, mbaya zote, na shamba likabaki la Gaudensi.

Sasa pale pamepigwa trekta, mistari imenyooka kama ya daftari, na bila mbolea ya duka hauoti mmea. Bertilla tulimzika zamani. Gaudensi yupo, macho yamekwisha. Juzi nilimkuta mlangoni ameshika nyuzi za kikapu, hajaanza, vidole vinahangaika. Nilikaa karibu naye. Mimi si mtu wa sala, lakini nilianza Baba Yetu.